Mistari mitatu iliyopotea kwenye profaili ya wakala wa forodha

Wengi wenu mmeiona, maana skrinishoti zake zimezunguka karibu kila grupu la mawakala wa forodha kuanzia Kariakoo hadi Kurasini. Kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam imebadilisha sehemu yake ya About kule LinkedIn. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu shida hii si yao peke yao. Wamemlipa mtu awaandikie, wakapata maandishi yenye nyota, meli, alama za tiki na herufi nene, na wanaosifia wamesema sasa profaili inapumua. Sikubaliani nao hata kidogo. Sentensi bora kuliko zote waliyokuwa nayo imefutwa, na pahali pake pamewekwa neno la kukaribisha wageni pamoja na mstari mtupu.

Sentensi iliyofutwa ilikuwa hii: "Tunatoa mizigo ya mpito bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Bujumbura na Kigali." Ikifuatiwa na hii: "Tutumie nakala ya BL, utapata makadirio siku hiyohiyo." Sasa mtu akifungua profaili hiyo kwa simu anakutana na hiki:

```
✨ 𝗞𝗔𝗥𝗜𝗕𝗨 𝗦𝗔𝗡𝗔 ✨

🚢 Mshirika wako wa kuaminika katika... see more
```

Tukae hapo kidogo, kwa sababu kosa lote liko hapo. Mnajua kwamba LinkedIn haionyeshi About nzima. Inaonyesha kipande cha juu tu, na kilichobaki kinajificha nyuma ya see more. Kwenye kompyuta kipande hicho ni kirefu kiasi. Kwenye simu ni mistari mitatu hivi, minne ukibahatika, kutegemea upana wa kioo na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Jambo ambalo mwandishi huyu hakulitazama ni kwamba ukataji huo huenda kwa mistari, hauhesabu herufi peke yake. Mstari wa simu unabeba herufi kama 40. Mstari mtupu nao ni mstari. Ukibonyeza Enter mara mbili baada ya "Karibu sana" umelipa mstari mzima kununua hewa, na kabla ya hapo ulishalipa mwingine kumkaribisha mtu ambaye tayari ameingia.

Hesabu yake ni hii. Sentensi ya kwanza ya zamani ina herufi 88 ukihesabu na nafasi. Kwenye simu inachukua mistari miwili na maneno machache ya mstari wa tatu. Katika eneo hilohilo mteja wa Lubumbashi alikuwa anajua kampuni inafanya nini, inafanyia wapi na mizigo inakwenda hadi mji gani, tena mji wake umetajwa wa kwanza. Leo eneo hilo linampa salamu, nafasi tupu, picha ya meli na maneno matano ya mwanzo ya kaulimbiu ambayo kampuni yoyote ya mizigo, ya bima au ya simu ingeweza kuiweka. Mteja hajapata sababu hata moja ya kubonyeza see more. Ana majina mengine manne ya mawakala aliyopewa na jamaa zake, ana kontena lililokwisha kushushwa, na gharama za kuchelewa kulitoa zinapanda kila siku. Atarudi nyuma na kufungua jina linalofuata.

Wako wanaosema mteja aliye makini atabonyeza. Huyu mwenye kontena ndiye mteja aliye makini kuliko wote, na ndiyo sababu hana muda. Tena juu ya About tayari kuna jina la kampuni na maelezo mafupi yanayokaa chini ya jina. Mtu anapofika kwenye About ameshapita mlangoni. Kinachotakiwa hapo ni jibu la swali alilokuja nalo, na swali la mtu wa mizigo ya mpito ni fupi: je, njia yangu mnaijua?

Chanzo cha uamuzi huu ninakiona. About hiyo iliandikwa kwenye kompyuta na kukaguliwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Katika kioo kipana sentensi ya herufi 88 inalala kwenye mstari mmoja, inaonekana nyembamba na ya kawaida, na jicho la mpambaji linataka kuiwekea bango juu yake. Bango lile likipata hewa chini yake linapendeza, sibishi. Ila wanaolisoma wako Kasumbalesa wamesimama kwenye foleni ya malori, simu mkononi, jua juu ya kioo. Anayeandika kwa ajili ya simu aandike kwenye simu, kwenye daftari la simu yake, kisha anakili. Mstari ukimchosha yeye mwenyewe hapo hapo ataukata.

Sasa herufi nene. Hili nimelisema kwenye safu hii zaidi ya mara moja na nitaendelea kulisema. LinkedIn haina kitufe cha kukoza maandishi kwenye About. Kile mnachokiona kama herufi nene kinatoka kwenye tovuti za kubadilishia maandishi, na kwa kweli si herufi za kawaida. Ni alama za hisabati zilizoingizwa kwenye Unicode mwaka 2001 ili wanahisabati waweze kutofautisha kigezo kimoja na kingine. K unayoipiga kwenye kibodi ni U+004B. K nene ya "Karibu" ile ni U+1D5DE. Macho yanaona K zote mbili, lakini kwa mashine hivi ni vitu viwili tofauti, na programu ya kutafuta isiyojipa kazi ya kuzilinganisha haitaliona neno lililoandikwa kwa alama hizo. Mwandishi wetu ameziweka hata kwenye vichwa vya njia zake, pamoja na jina la Lubumbashi. Yaani neno ambalo mteja angelitafuta ndilo lililovikwa vazi la kulificha.

Tena kuna msomaji asiyeona. Washeni TalkBack kwenye simu ya Android, au VoiceOver kwenye aifoni, kisha muisikilize About hii. Visoma skrini vingine vinaziruka alama hizo kabisa, vingine vinazitaja moja moja kwa majina yake ya kihisabati, herufi baada ya herufi, hadi neno la herufi sita linakuwa hotuba. Simu za zamani ambazo fonti zake hazina alama hizo zinaonyesha vijisanduku vitupu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesoma "Karibu".

Alama hizo zinakula nafasi pia. Upeo wa About ya kampuni ni herufi 2,000. Lakini namna kompyuta inavyohesabu si namna tunavyohesabu sisi. Anayejua JavaScript ajaribu mwenyewe:

```
"K".length    // 1
"𝗞".length    // 2
"🚢".length   // 2
"🇹🇿".length   // 4
```

Alama ya kihisabati ina uzito wa herufi mbili katika hesabu hiyo, meli vilevile, na bendera ya Tanzania ina uzito wa nne kwa kuwa imeundwa na alama mbili zilizounganishwa. Kikasha kinachohesabu kwa mtindo huu kitakwambia umejaa wakati wewe unaona bado una nafasi. Kwa About ya herufi elfu moja hilo halisumbui. Kwa maelezo mafupi kama ya Instagram, yenye upeo wa herufi 150, linasumbua sana.

Hapa ndipo ninapowakumbuka watu wa SMS, na nitawatetea mbele ya mpambaji yeyote wa leo. SMS moja ilikuwa na herufi 160. Friedhelm Hillebrand, Mjerumani aliyekuwa kwenye kamati ya kuweka viwango vya mawasiliano hayo, aliukadiria upeo huo mwaka 1985 baada ya kupiga sentensi za kawaida kwenye taipureta na kuzihesabu. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya jedwali la herufi za SMS, ujumbe wote unashuka kutoka 160 hadi 70. Kizazi kilicholipia kila ujumbe kilikuwa na adabu ya sentensi. Mfanyabiashara wa vitenge alimtaarifu mwenzake wa Bujumbura aina ya mzigo, idadi, bei na siku ya lori kuondoka kwenye ujumbe mmoja, na mwenzake akaelewa. Kabla yao walikuwapo watu wa simu za maandishi za posta, waliolipa kwa neno, na watu wa matangazo madogo ya magazeti, ambao kila neno la ziada liliwatoka mfukoni. Hakuna aliyenunua neno la kusema "Karibu sana" mwanzo wa tangazo la kuuza shamba. Alianza na shamba.

Na sasa tazameni tena sentensi mbili zilizofutwa. Ya kwanza herufi 88, ya pili 54, na nafasi moja katikati: 143. Zingeingia kwenye SMS moja na nafasi ikabaki. Zingeingia kwenye Instagram pia bila kukatwa hata neno. Aliyeziandika mwanzoni, nadhani ni mmoja wa wenye kampuni, alikuwa na sikio la watu wale wa zamani. Amebadilishwa na mtu mwenye kiolezo.

Kiolezo hicho ndicho kilichotuletea orodha ya huduma ndani ya About mpya. Mnaikumbuka: mistari tisa, kila mmoja ukianza kwa ✅, kisha "Tunatoa", "Tunasimamia", "Tunasafirisha", "Tunashughulikia", hadi mwisho. Kuna makosa mawili tofauti ndani yake, na la pili ni la Kiswahili chenyewe.

La kwanza ni la kiufundi. LinkedIn haina orodha halisi. Kitone au tiki unayoibandika ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo maneno yakizidi upana wa kioo mstari wa pili haujipangi chini ya maneno. Unarudi ukingoni, chini ya tiki yenyewe. Kwenye kompyuta hamlioni hilo kwa kuwa kila kipengele kimeenea mstari mmoja. Kwenye simu orodha nzima inavunjika, na jicho halijui kipengele kimeanzia wapi. Kujaribu kusogeza kwa nafasi hakusaidii, maana upana wa kioo cha msomaji hauujui. Dawa ni moja: kipengele kisizidi herufi 38 hivi, pamoja na kitone chake. Kipengele kirefu kifanywe sentensi ndani ya aya.

La pili linatokana na sarufi yetu. Kiingereza kikianza vipengele kwa vitenzi, kila kitenzi kina herufi zake za mwanzo, na jicho linaposhuka ukingoni linatofautisha. Kiswahili kinaweka kiambishi mbele. Orodha ya vitenzi vya "sisi" inakuwa ukuta wa Tuna, Tuna, Tuna mara tisa, na sehemu inayobeba maana imesukumwa ndani ya mstari. Anayesoma kwa simu hasomi orodha yote. Anashuka kwa ukingo wa kushoto akitafuta neno lake. Mnampa tiki ileile na silabi zilezile mara tisa. Walioiga kiolezo hawakuuliza kiolezo kilitengenezwa kwa lugha gani.

Kwa hiyo Kiswahili kianze kwa jina. Kwa kampuni hii ningeweka mji mbele, kisha mipaka ambayo mzigo unapita:

```
• Lubumbashi: Tunduma, Kasumbalesa
• Bujumbura: Kabanga, Kobero
• Kigali: Rusumo
```

Mstari mrefu kuliko yote hapo una herufi 34. Mtu wa Bujumbura anaona B yake bila kusoma kingine, na anayeijua njia anatambua papo hapo kwamba hawa wanajua mizigo yao inavukia wapi. Majina ya mipaka yanathibitisha kazi kuliko neno "kuaminika" litakavyothibitisha milele. Kitone • mtakipata kwenye kibodi ya simu, ukurasa wa pili wa alama. Hakuna haja ya kutafuta tovuti. Na vitone vitatu au vinne vinatosha. Huduma za kontena, magari na shehena kichele zinakaa vizuri ndani ya sentensi moja.

Kuhusu emoji sitarefusha. Kisoma skrini hutaja jina la kila picha, kwa hiyo tiki tisa zinasomwa mara tisa kabla ya maneno yenyewe. Jicho nalo likiona rangi kila mstari linaacha kuifuata rangi. Ninakubali emoji moja, ya simu, kando ya namba ya kupiga, kwa sababu mtu anayetelemka haraka anatafuta namba na ile picha inamsimamisha panapostahili. Nyota za pembeni ya salamu ziondoke. Meli iondoke.

Wamefanya vizuri kufupisha: About ya zamani ilikaribia kujaza nafasi yote iliyoruhusiwa, na hii mpya haifiki nusu yake, namba ya WhatsApp nayo iko mwisho, pekee kwenye mstari wake, inavyotakiwa.

Lakini ufupi huo wameuharibu kwa kuvunja mistari kila sentensi. Huu ni ugomvi wangu wa siku nyingi na watu wa mitandao. Kila sentensi imepewa aya yake, na kila aya imefuatwa na mstari mtupu, hadi kioo cha simu kinabeba sentensi nne na nafasi nne. Msomaji anatelemsha kidole mara tatu kupata maneno ambayo yangekaa kwenye kioo kimoja. Hoja zinazotegemeana zimetenganishwa: sentensi mpya inayosema makadirio yanatolewa siku hiyohiyo iko juu, na sharti lake, kwamba nakala ya BL iwe inasomeka na orodha ya vifungashio iambatane, liko chini ya kioo kingine. Mteja atatuma BL peke yake, atasubiri, kisha atalalamika kwamba ahadi haikutimizwa. Mstari mtupu umezua mgogoro wa huduma.

Kukosa mistari mitupu kabisa ni vibaya vilevile. Enter moja haiongezi nafasi, inashusha tu, na aya mbili zinaonekana kama donge moja. Kipimo ninachokitumia ni aya ya maneno 50 hadi 60. Kwa Kiswahili, chenye maneno marefu kama "yanayohitajika" na "tunashughulikia", hiyo ni herufi kama 400, yaani mistari kumi ya simu, karibu na nusu ya kioo. Baada yake mstari mtupu mmoja. Aya ikikata hapo, msomaji anaona mwanzo na mwisho wake kwa pamoja na anajua amebakiza nini. Na kwa kuwa LinkedIn haikati maneno kwa kistari, neno refu lisipoenea linashuka zima na kuacha pengo. Mkiona pengo kubwa mwishoni mwa mstari wa kwanza kabisa, badilisheni neno, msibadilishe fonti.

Jumla ya About hii isizidi herufi 900. Sentensi mbili za mwanzo, 143. Aya moja ya aina za mizigo na miaka ya kazi. Vitone vitatu vya njia. Aya moja ya nyaraka zinazotakiwa ili makadirio yatoke: BL, ankara ya mauzo, orodha ya vifungashio, na jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye BL. Halafu namba. Nafasi 1,100 zinazobaki zibaki. Hakuna anayewadai.

Nawaomba wenye kampuni jambo moja kabla hawajamlipa mtu mwingine. Chukueni simu ya dereva wenu, ile yenye maandishi yaliyokuzwa, mfungue profaili yenu bila kubonyeza see more, kisha mmuulize mtu asiyewajua kazi yenu ni ipi na mizigo yenu inakwenda wapi. Asipoweza kujibu kwa mistari anayoiona, rudisheni sentensi zenu mbili za zamani leo hii.